Lalamiko la Manukato, Folio Namba Tisa

Kwa miaka ishirini na tisa Mzee Folio alikuwa amekaa chumba kimoja na makaratasi, na hakuna karatasi iliyowahi kumshinda. Kilichokuja kumshinda ni harufu.

Jina hilo alibandikwa na wenzake wa ofisi ya maji. Kila karatasi inayoingia ndani ya jalada hupewa namba yake, na namba hiyo ndiyo huitwa folio. Sasa mzee huyu alikuwa radhi akose chakula cha mchana kuliko kuona karatasi inalala bila namba. Alikuwa mtunza kumbukumbu mwandamizi, bwana mkubwa wa masjala, chumba cha chini kabisa chenye rafu za chuma mpaka darini na meza mbili zinazotazamana. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilifungwa kwa amri ya zamani, eti vumbi na unyevu vinakula karatasi. Kiyoyozi kilikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kuzungusha hewa ile ile ya jana na juzi.

Miezi mitano iliyopita aliletewa karani mpya, binti wa miaka ishirini na minne hivi, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Mzee alimpenda tangu wiki ya kwanza. Alimfundisha kazi yote: bahasha ikija, fungua, piga muhuri wa kupokelewa, andika kwenye rejesta tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini, itafutie jalada lake, ipe folio, ipeleke juu kwa Mkuu wa Utawala. Bahasha pekee isiyofunguliwa ni ile iliyoandikwa neno "Binafsi". Na karatasi ikishapewa folio haichomolewi, hata akija waziri. "Karatasi isiyo na muhuri ni umbea," alimwambia binti, na binti akaliandika neno hilo kwenye daftari lake kama mtu anayeandikiwa dawa.

Shida ilikuwa manukato. Mwanzoni yalikuwa kidogo, yanapita tu kama mtu anayekusalimia mlangoni. Kufika mwezi wa tatu yalikuwa yanaingia chumbani kabla ya binti mwenyewe na kubaki baada ya yeye kuondoka. Yalikuwa matamu mazito, yamekaa kwenye sweta lake analoliacha begani mwa kiti, yamekaa kwenye majalada aliyoyashika, na nathubutu kusema hata kwenye chai.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kukunja pua na kuendelea na kazi. Mzee Folio alikuwa na pumu. Alikuwa nayo tangu ujana, na alikuwa ameificha ofisini miaka yote kama watu wanavyoficha umri. Sasa kila siku kabla ya saa nne asubuhi kifua kilibana, pumzi ikaanza kupiga filimbi, naye hukimbilia kwenye ukumbi kwa kisingizio cha kutafuta jalada, akajificha nyuma ya kabati la vifaa vya usafi na kujipulizia dawa. Juma moja alipulizia mara tano kwa siku. Mficha maradhi kifo humuumbua, na daktari wa zahanati alimwambia maneno yanayofanana na hayo, ila kwa sauti ya upole zaidi: kinachokubana kiondoke chumbani, au uondoke wewe.

Aondoke aende wapi? Nafasi nyingine kwa mtu wa kumbukumbu ilikuwa bohari ya mabomba, ambako saruji inapaa hewani mchana kutwa. Kwa hiyo akafanya wanayofanya waoga wote wenye adabu. Alisogeza meza yake kuelekea ukutani, kwanza shubiri moja, kisha hatua, kisha hatua mbili. Alikaa na leso puani. Binti akija kumwonyesha barua, yeye hurudi nyuma kidogo na kunyoosha mkono kuipokea kwa mbali. Alidhani binti ataelewa mwenyewe. Lakini daktari alikuwa amemweleza hata hilo: anayejipaka manukato haisikii harufu yake baada ya dakika chache, pua huchoka kwa kile ilichokizoea. Nyani haoni kundule, na pua haijinusi.

Mkewe ndiye aliyesema iandikwe barua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliamini kwamba jambo lolote gumu likiandikwa vizuri hupungua nusu. "Ukimwambia kwa mdomo utakohoa katikati," alisema, "halafu atadhani unamfokea."

Rasimu ya kwanza aliisoma akiwa amesimama jikoni, akaitoboa kwa kalamu nyekundu. Ilianza na maneno "Imebainika kwamba", na mkewe akauliza imebainika na nani, na tume gani. Halafu ilisema "sisi sote humu ofisini". Mkewe alifuta. Ukisema sote, alieleza, msichana wa watu atakuwa anapita ukumbini akijiuliza nani na nani wamemkalia kikao. Sema mimi, kwa sababu anayebanwa kifua ni wewe.

Rasimu ya pili mzee aliilainisha. Aliandika kwamba manukato ya binti ni mazuri mno, yanamkumbusha bustani, na kwamba anayahisi hata akiwa nyumbani kwake jioni.

"Baba watoto," mkewe alisema, akiweka kalamu chini, "hii ni barua ya ofisi au ya posa?"

Mzee alitaka kuona haya akashindwa, wakacheka wote wawili mpaka akatafuta dawa yake. Ya tatu waliiandika pamoja mezani, sentensi kwa sentensi. Mkewe alimpa na masharti: ampe mkononi, Ijumaa jioni, ili binti aisome nyumbani na awe na siku mbili za kumeza uchungu bila macho ya watu.

Ijumaa saa sita mzee aliinakili kwenye karatasi safi mezani kwake kazini. Na hapo ndipo mkono wenye mazoea ya miaka ishirini na tisa ulipomsaliti. Uliandika "Yah:" juu, kwa kuwa haukuwahi kuandika barua isiyo na "Yah:", na chini ya sahihi ukaweka cheo. Barua yenyewe ilisema hivi:

*Yah: Manukato ndani ya chumba cha masjala*

*Binti yangu na mwenzangu wa kazi,*

*Nakuandikia kwa ajili yangu mwenyewe. Hakuna aliyenituma, na hakuna anayejua isipokuwa mke wangu. Nina ugonjwa wa pumu tangu ujana, jambo ambalo nilipaswa kukuambia siku ya kwanza na sikukuambia. Kosa hilo ni langu. Kwa miezi miwili sasa, manukato yanapokuwa mengi chumbani kifua changu hubana, na juma lililopita nimetumia dawa ya kupuliza mara tano kwa siku moja. Tatizo si manukato yako kuwa mabaya. Hata ya mtu mwingine yangenifanya vivyo hivyo, maana dirisha letu halifunguliwi.*

*Naomba, kama haitakuwa taabu kwako, usijipulizie siku za kazi, au ujipulizie jioni unapoondoka. Harufu hukaa zaidi kwenye nguo kuliko kwenye ngozi, kwa hiyo ingefaa na sweta linaloachwa kitini lifuliwe. Kwa upande wangu nitaomba ruhusa tufungue dirisha saa ya chakula. Huna haja ya kunijibu kwa maandishi, wala sitalitaja tena jambo hili usipolitaja wewe. Kazi yako ni nzuri, na ninafurahi kufanya kazi nawe.*

Aliitia kwenye bahasha ya kaki. Saa tisa na nusu alisimama ampe. Binti alikuwa kwenye simu, anamjibu mteja aliyepotelewa na ankara, na mzee alingoja, akakohoa, akaangalia saa. Miadi yake ya zahanati ilikuwa saa kumi. Moyo ukamwishia. Aliiweka bahasha kwenye trei ya binti, akaaga kwa mkono, akatoka haraka kama mtu aliyevunja glasi dukani.

Jumatatu alifika mapema. Aliposukuma mlango wa masjala alisimama. Hewa ilinuka karatasi kuukuu na gundi, basi. Binti alikuwa amekwisha fika, sweta halipo kitini, kichwa kimeinama juu ya kazi. Mzee alivuta pumzi moja ndefu, ikaenda mpaka chini kabisa bila kukwama popote, na alifurahi hata akasahau kuona aibu. Alimsalimia, binti akajibu kwa heshima lakini hakuinua macho. Ana haya, mzee alijisemea, zitaisha kufika saa ya chai.

Akavuta rejesta ili aanze siku. Mstari wa mwisho wa Ijumaa ulikuwa kwa mwandiko wa binti, safi, umenyooka: barua imetoka kwa Mtunza Kumbukumbu Mwandamizi, inahusu lalamiko kuhusu manukato ya karani wa masjala, jalada la Malalamiko ya Watumishi, folio ya tisa, imepelekwa kwa Mkuu wa Utawala, saa kumi kasorobo.

Mzee aliusoma mara tatu. Bahasha haikuwa na neno "Binafsi". Ilikuwa kwenye trei ya binti, ambayo ndiyo trei ya barua zinazoingia. Ndani ilikuwa na "Yah:" na cheo. Mwanafunzi wake alikuwa amefanya kila kitu kama alivyofundishwa, hakuruka hata hatua moja, na barua aliyoisajili ilikuwa inamshtaki yeye mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila safari hii aliyeingia alikuwa mtoto wa watu.

Maana wiki hiyo ndiyo Mkuu wa Utawala alikuwa anaamua. Miezi sita ya majaribio ya binti ilikuwa inakaribia kuisha, na Mkuu, mwanamke mwenye saini ndogo na msimamo mkubwa, alikuwa na utaratibu wake unaojulikana: aliitisha jalada la mtumishi pamoja na jalada la malalamiko, na lalamiko moja lililosajiliwa lilitosha. Karani aliyemtangulia binti huyu alikwenda nyumbani kwa folio moja tu ya kuchelewa. Na huyu, mzee alijua, alikuwa akiwalipia wadogo zake wawili karo kwa mshahara huu wa majaribio.

Mzee aliifunga rejesta. Alipanda ngazi, ghorofa tatu, na kifua chake kilichopona asubuhi hiyo kilimbeba vizuri kabisa, jambo lililomuumiza zaidi. Katibu muhtasi alisema Mkuu yuko ukumbi wa mikutano, anarudi sasa hivi, mzee aingie tu akae ndani.

Majalada yote mawili yalikuwa juu ya meza. Lile la malalamiko lilikuwa juu, limefungwa kwa uzi wake. Mzee Folio alilitazama. Uzi ule alikuwa ameufunga na kuufungua mara elfu. Angeweza kuchomoa karatasi moja, akaikunja mara mbili, ikaingia mfuko wa shati, na katika nchi nzima hakuna mtu ambaye angejua, isipokuwa binti mmoja chini ambaye angemshukuru. Aliufungua uzi. Akafika folio ya nane. Akaishika ya tisa kwa vidole viwili.

Hakuichomoa. Si kwamba sheria ilikuwa kubwa kuliko binti, hilo hakulifikiria. Alifikiria kwamba binti alikuwa nayo mkononi Ijumaa, peke yake chumbani, na angeweza kuitia kwenye mkoba wake tu. Hakuitia. Sasa yeye, mwalimu wake, aje kuiiba?

"Mzee," Mkuu alisema mlangoni, "mbona umesimama?"

Alimwambia yote pale pale, bila kujitetea. Kwamba ile haikuwa lalamiko, ilikuwa barua ya mtu kwa mwenzake. Kwamba ana pumu na ameificha. Kwamba bahasha aliisahau kuiandika na kichwa cha habari kilimtoka mkononi chenyewe. Kwamba kama kuna wa kuadhibiwa ni yeye, na mlango wa kutokea anaujua. Alisema kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusema ndani ya chumba kile, na mwisho akaomba folio ya tisa iondolewe, yeye Mzee Folio, na aliposikia ombi hilo linatoka kinywani mwake alitaka kulirudisha.

Mkuu alikaa. Alivuta jalada, akapita barua, akafungua upande wa madokezo, kule ambako maofisa huandikiana juu ya kilichomo, akaligeuza kuelekea kwa mzee. "Umesoma hili?"

Hakuwa amelisoma. Lilikuwa dokezo la binti, la Ijumaa, kwa mwandiko ule ule ulionyooka:

*Mkuu wa Utawala. Folio ya tisa yahusika. Lalamiko linanihusu mimi, kwa hiyo naomba jalada lishughulikiwe na mwingine. Yaliyoandikwa ni kweli. Nilipoanza kazi nilikuwa najipulizia mara moja tu. Baadaye niliona mzee anasogeza meza mbali nami na kuziba pua. Mimi huja kazini kwa miguu, mwendo wa saa nzima, nikajua nanuka jasho na yeye anaona haya kuniambia. Nikaongeza manukato. Akasogea tena, nikaongeza tena. Sikujua kama ni mgonjwa. Nimeacha kuanzia leo na sweta nitalifua. Naomba maelekezo yako.*

Mzee alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Miezi miwili! Kila hatua aliyosogea kwa adabu ilikuwa inamwambia binti yule kwamba ananuka. Yeye aliyejiona mpole. Alitamani ardhi impasukie.

"Nimesoma malalamiko miaka kumi na moja kwenye kiti hiki," Mkuu alisema. "Watu wanayakana, wanayapoteza, wanayamwagia chai. Huyu amejisajili mwenyewe. Mtu wa namna hii nisimpe masjala, nimpe nani?"

Chini ya dokezo la binti kulikuwa na mstari mfupi wenye saini ndogo, wa asubuhi ile ile: *Athibitishwe. Dirisha la masjala lifunguliwe kila siku, karatasi zitavumilia.*

Mzee alisoma neno la kwanza, akakaa bila kukaribishwa. Mzigo uliomtoka ulikuwa mkubwa hata hakujua aanze kushukuru wapi. Mkuu alimwacha apumue, kisha akasema lile ombi la kuchomoa folio hajalisikia. Badala yake alimpa karatasi nyeupe, na mzee akaandika folio ya kumi hapo hapo, mistari miwili, bila "Yah:": kwamba yeye si mlalamikaji bali ni mgonjwa aliyechelewa kusema, na kwamba jambo hili limekwisha.

Alishuka ngazi kwa haraka isiyofaa umri wake. Binti alikuwa amesimama katikati ya masjala, ameshika muhuri, na ilionekana wazi kwamba tangu asubuhi alikuwa anangoja kuitwa juu. Mzee hakumzungusha. Alimwambia amethibitishwa kazini, saini ipo, ameiona kwa macho yake.

Binti aliweka muhuri chini taratibu. Mzee alitazamia aulize barua ya uthibitisho inatoka lini, au mshahara unapanda kiasi gani, kama ambavyo angeuliza mtu yeyote.

"Mzee," alisema, "kwa hiyo mimi sikuwa nanuka?"

"Hata siku moja, mwanangu. Hata siku moja."

Binti alikaa kitini. Alifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na mzee hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso na kuonekana anafanya yote mawili. "Naoga mara tatu kwa siku," alisema. "Nikifika hapa naoga tena kule chooni kwa ndoo, kabla hujaingia. Mama ananiuliza nyumbani, sabuni mnakula?"

Mzee alicheka, na kicheko kikatoka kizima, bila filimbi. Kisha akaacha kucheka, akamwomba radhi kama inavyostahili, kwa kila hatua aliyorudi nyuma, na binti akasema yamekwisha, mzee, na hata yeye mwenyewe, kama angeuliza mapema, asingeteseka. Halafu akajifuta macho, akamwambia ashike upande ule wa meza yake, naye atashika huu, na wakaibeba pamoja mpaka karibu na ya kwake.